Bega Lililovunjika Uzeeni: Slingi, Chuma au Bega la Bandia?

Kati ya mwaka 2008 na 2011, madaktari bingwa wa mifupa katika hospitali za umma nchini Uingereza waliwaomba wagonjwa 250 wakubali jambo lisilo jepesi. Wote walikuwa wamevunjika mfupa wa juu wa mkono, pale unapoingia begani, na vipande vilikuwa vimehama mahali pake. Kila mmoja alipangiwa tiba kwa kura: ama apasuliwe, ama mkono ufungwe kwa kitambaa shingoni kisha afuate mazoezi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 66, na zaidi ya robo tatu walikuwa wanawake.

Kwa miaka miwili wakawa wanaulizwa maswali ya maisha ya kila siku. Unavaa mwenyewe? Unachana nywele? Usiku bega linakuamsha? Unaweza kuning'iniza nguo kwa mkono ule? Majibu yalijumlishwa kuwa alama, na alama ya juu kabisa ni 48. Waliopasuliwa walipata wastani wa 39. Waliofungwa kitambaa walipata 38.

Utafiti huo unaitwa PROFHER na ulichapishwa mwaka 2015. Pengo la alama moja ni dogo mno kwa mgonjwa kulihisi, na wagonjwa walipofuatiliwa hadi mwaka wa tano, pengo halikukua. Matokeo hayo yaliwashtua wengi, kwa kuwa ukiitazama eksirei ya bega la namna hii huwezi kuamini kwamba mkono utafanya kazi tena bila kufunguliwa na kupangwa upya. Lakini utafiti haukusema upasuaji hauna maana. Wagonjwa ambao daktari aliona wazi kwamba ni lazima wapasuliwe hawakuingizwa kwenye kura. Kwa hiyo swali linalobaki kwa familia yenye mzee aliyeanguka ni hili: bega la mzee wetu liko upande upi?

Jibu linaanzia kwenye umbo la mfupa wenyewe. Ncha ya juu ya mfupa wa mkono ina sehemu nne. Ya kwanza ni kichwa, sehemu laini ya mviringo inayozunguka kwenye kikombe kifupi cha kombe la bega. Pembeni mwa kichwa kuna vinundu viwili, kikubwa upande wa nje na kidogo upande wa mbele. Vinundu hivi ndivyo vinavyoshikwa na kano za misuli inayozungusha na kunyanyua mkono. Chini yake ni mhimili, ule mfupa mrefu unaoshuka hadi kwenye kiwiko. Mfupa unapovunjika, nyufa hupenda kupita katikati ya sehemu hizi nne.

Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Charles Neer, alipendekeza njia ya kuhesabu mivunjiko hii ambayo bado inatumika duniani kote. Kwa kanuni yake, ufa peke yake haufanyi kipande. Ili sehemu ihesabiwe kuwa kipande, lazima iwe imehama kwa zaidi ya sentimita 1 au imepinda kwa zaidi ya nyuzi 45. Ndiyo maana eksirei inaweza kuonyesha nyufa tatu au nne na bado daktari akaandika kwamba mfupa haujahama. Familia ikisikia kwamba bega limevunjika “vipande vinne”, inafaa kuuliza kama ni nyufa nne au ni vipande vinne kwa kanuni ya Neer, kwa sababu hayo ni majeraha mawili tofauti kabisa.

Kwa kijana, bega huvunjika hivi kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka kutoka juu ya mti. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, kuteleza bafuni au kujikwaa kizingitini kunatosha. Mifupa hupungua uzito kadiri umri unavyosonga, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Ncha ya bega huathirika sana. Ndani ya kichwa, nyavu ngumu za mfupa zinakonda na kuacha uwazi, mpaka sehemu hiyo inafanana na andazi, ganda juu na mapango ndani. Mambo mengi yanayofuata katika makala haya yanatokana na hali hiyo.

Daktari mzoefu anapoitazama picha huanza na mambo mengine kabla ya kuhesabu vipande. Kwanza anaangalia kama kichwa bado kimekaa juu ya mhimili. Mara nyingi kwa wazee, kishindo cha kuanguka hukisukuma kichwa kikazama ndani ya ncha ya mhimili na kubanana nayo. Picha haipendezi, lakini vipande vimeshikana, na mivunjiko ya namna hiyo huunga vizuri. Hali ni tofauti pale kichwa na mhimili vinapoachana kabisa, msuli wa kifua ukauvuta mhimili kuelekea ndani, na kati ya mifupa miwili kusibaki pa kugusana.

Pili anafikiria damu. Kichwa cha mfupa hulishwa na mishipa midogo inayopanda kutoka chini na kuingia karibu na vinundu. Ufa ukipita juu sana, palepale kichwa kinapoishia, mishipa hiyo inaweza kukatika na kichwa kikafa taratibu, kikaporomoka baada ya miezi au hata miaka. Mwaka 2004 Ralph Hertel na wenzake nchini Uswisi walionyesha kwamba upande wa ndani wa ufa, ule unaotazama kwapa, unasimulia mengi. Ikiwa kichwa kimebaki na ulimi wa mfupa wa angalau milimita 8 unaoshuka upande huo, na ikiwa bawaba ya ndani kati ya kichwa na mhimili haijahama zaidi ya milimita 2, damu kwa kawaida imebaki. Ulimi ukiwa mfupi, bawaba ikikatika na ufa ukawa umepita juu, hofu inaongezeka. Vipimo hivyo hutabiri hali ya damu siku ya jeraha. Havithibitishi kwamba kichwa kitakufa, kwa kuwa baadhi ya vichwa vilivyokosa damu mwanzoni hupona.

Tatu anatazama kinundu kikubwa kimekwenda wapi. Kano hukivuta juu na nyuma. Kikihama sana na kuungia huko, hugonga paa la bega kila mkono unaponyanyuliwa, na mgonjwa hubaki na mkono usiopita usawa wa kifua. Milimita chache kwa mzee asiyefanya kazi za juu huvumilika.

Ili haya yote yaonekane, picha moja ya kutoka mbele haitoshi. Inahitajika pia picha ya kutoka pembeni au ya kupitia kwapani, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa kimetoka kabisa kwenye kikombe kuelekea nyuma na picha ya mbele isionyeshe. Picha zikibaki na utata na upasuaji ukawa unafikiriwa, kipimo cha siti skani humaliza ubishi.

Tuichukue tiba ya kwanza, kitambaa cha kubebea mkono, ambacho hospitalini huitwa slingi. Wengi hudhani kufungwa slingi ni kutelekezwa. Wamezoea kwamba mfupa ukivunjika hufungwa hogo, na hapa mama anarudishwa nyumbani na kitambaa tu. Sababu ni kwamba bega halifungiki kwa hogo lililo rahisi kubeba, na zaidi ya hapo, uzito wa mkono unaoning'inia huuvuta mhimili chini na kuunyoosha taratibu. Slingi nayo ina ratiba yake, na ikifuatwa vibaya bega hukakamaa.

Wiki ya kwanza na ya pili ndizo ngumu kuliko zote. Dawa za maumivu zinyweke kwa saa zake, si mpaka maumivu yachachamae. Usingizi wa chali hauwezekani. Mgonjwa hulala nusu ameketi, mito imeegemezwa nyuma, na mto mwingine mdogo umewekwa chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma. Siku ya tatu au ya nne ngozi hubadilika rangi kuwa zambarau na nyeusi kutoka begani, ikashuka hadi kiwikoni na wakati mwingine ubavuni. Ndugu wengi hukimbia hospitali kwa hofu wakiiona rangi hiyo. Ni damu ya mvunjiko inayoshuka chini, na huisha yenyewe. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko viwe vinakunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa kwa siku tangu mwanzo, kwa kuwa visipotumika huvimba na kukakamaa.

Kwapa nalo linahitaji kuoshwa. Mgonjwa husimama, anainama mbele kidogo akishikilia meza kwa mkono mzima, na mkono ulioumia unaachwa uning'inie wenyewe. Nafasi hufunguka kwapani bila misuli ya bega kufanya kazi, na msaidizi anapitisha kitambaa chenye maji, anakausha vizuri. Mkao huohuo ndio wa zoezi la kwanza. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, maumivu yanapopungua na vipande vimeonekana kutulia, mgonjwa anainama vivyo hivyo na kuuacha mkono uyumbe mbele na nyuma, kisha kwa miduara midogo, dakika chache mara tatu au nne kwa siku. Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003, wagonjwa 86 wenye mivunjiko isiyohama sana waligawanywa. Walioanza mazoezi ndani ya wiki moja walikuwa na maumivu kidogo na mkono uliofanya kazi vizuri zaidi baada ya wiki 16 kuliko waliofungwa kwa wiki tatu kwanza.

Kufikia wiki ya sita mfupa kwa kawaida umeanza kushika, na slingi inavuliwa kabisa. Hapo mgonjwa anaanza kuunyanyua mkono akiusaidia na ule mzima, baadaye wenyewe, na uzito huja baada ya mwezi wa tatu. Bega huendelea kuwa bora hadi mwaka mzima. Wengi hawarudi pale walipokuwa. Kufikia rafu ya juu kabisa au kufunga nguo mgongoni hubaki kugumu, na aliyeambiwa hivyo mapema hupata tabu ndogo kulipokea.

Tiba ya pili ndiyo watu huita kuwekewa vyuma. Daktari anafungua mbele ya bega, anavirudisha vipande mahali pake, analaza bamba la chuma upande wa nje wa mfupa na kulishika kwa skrubu zinazoingia kichwani. Bamba la kisasa lina matundu yenye nyuzi, hivyo kichwa cha skrubu hujifunga ndani ya bamba lenyewe. Uvumbuzi huo ulileta matumaini makubwa kwa mifupa dhaifu. Kano za vinundu nazo hufungwa kwenye bamba kwa nyuzi imara.

Tatizo liko ndani ya kichwa. Bamba na skrubu havilegei, ila mfupa unaozizunguka ni mwepesi, na kichwa kinaposhuka kidogo kwa ndani, skrubu hubaki palepale zilipo. Ncha zake hutoboa na kutokea kwenye uso laini wa kiungo. Kila mkono unapozunguka, ncha hizo zinakwangua kikombe cha kombe la bega. Mgonjwa huanza kusikia mkwaruzo na maumivu mapya wiki chache baada ya kuwa anaendelea vizuri, na hiyo ni dalili ya kurudi hospitali upesi kupigwa eksirei. Kichwa kikifa na kuporomoka, mambo huwa yaleyale. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: kichwa kilichoporomoka bila chuma ndani mara nyingi huvumilika, lakini kilichoporomoka juu ya skrubu huharibu kiungo chote.

Katika utafiti mmoja wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 60 wenye wastani wa miaka 74 na mivunjiko ya vipande vitatu waligawanywa kati ya bamba na slingi. Wenye bamba walinyanyua mkono vizuri kidogo, lakini kati ya kila 10, watatu walilazimika kurudi chumba cha upasuaji. Mwaka 2019 watafiti wa nchi za Nordiki na Baltiki walilinganisha bamba na slingi kwa wagonjwa 88 wa miaka 60 na kuendelea wenye mivunjiko ya vipande viwili. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti.

Bamba lina mahali pake. Linamfaa mtu ambaye mfupa wake bado ni mzito, kichwa chake kina damu, vipande vimeachana kiasi kwamba havitaungana vyenyewe, na ulimi wa ndani wa kichwa unaweza kuegeshwa imara juu ya mhimili. Egesho hilo la ndani ndilo hubeba mzigo. Daktari asipoweza kulirudisha, au asipopitisha skrubu kwenye ukingo wa chini wa kichwa kulitegemeza, bamba zuri namna gani litashindwa. Kwa hiyo mtu wa miaka 58 mwenye mifupa imara anaweza kufaidika na chuma kilekile ambacho kwa mama wa miaka 80 kingekuwa mwanzo wa upasuaji wa pili.

Tiba ya tatu ni bega la bandia. Neer mwenyewe, katika miaka ya 1950, alianza kuondoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma chenye shina refu linaloingia ndani ya mhimili. Njia hiyo ilipunguza maumivu. Kunyanyua mkono kulibaki bahati nasibu, kwa sababu kichwa cha chuma bado kilitegemea kano za kuzungusha bega, na kano zilitegemea vinundu viunge kwenye shina. Kwa wazee vinundu mara nyingi havikuunga, na mgonjwa alibaki na bega lisilouma lakini lisilonyanyuka.

Suluhisho lilitoka Dijon, Ufaransa. Katika miaka ya 1980 Paul Grammont aligeuza kiungo kichwa chini miguu juu. Mviringo wa chuma aliufunga kwenye kombe la bega, mahali palipokuwa na kikombe, na kikombe cha plastiki akakiweka juu ya mhimili, mahali palipokuwa na kichwa. Kwa mpangilio huo kitovu cha mzunguko husogea ndani na chini. Ule msuli mkubwa unaofunika bega kwa nje hupata nguvu ya kuunyanyua mkono peke yake, hata kama kano za ndani zimekatika. Bega hilo lilitengenezwa kwa ajili ya wazee ambao kano zao zimechakaa, na baadaye likaonekana kuwafaa waliovunjika.

Ushahidi wenye nguvu umetoka Norwei. Katika utafiti uitwao DelPhi, uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 124 wa miaka 65 hadi 85 wenye mivunjiko iliyohama vibaya waligawanywa kati ya bamba na bega lililogeuzwa. Baada ya miaka miwili, kwa kipimo cha alama 100, waliobadilishwa bega walipata wastani wa 68 na wenye bamba wakapata takriban 55. Tofauti kama hiyo mgonjwa anaihisi akivaa shati. Kwa mzee ambaye kweli anahitaji kupasuliwa kwa mvunjiko mbaya, bega lililogeuzwa limelishinda bamba.

Ila neno “kweli anahitaji” lina uzito wake, kwa sababu DelPhi haikulinganisha na slingi. Watafiti wa Hispania walifanya ulinganisho huo kwa wagonjwa waliovuka miaka 80 wenye vipande vitatu au vinne, wakachapisha mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja waliobadilishwa bega walikuwa na maumivu kidogo pungufu, na kwa kazi za mkono tofauti ilikuwa ndogo mno. Bega la bandia nalo lina hatari zake: kuingiwa na wadudu wa maambukizi, kuteguka, na mfupa wa kombe la bega kuvunjika kwa kubeba mvuto mpya. Linataka pia hospitali yenye vifaa kamili, daktari aliyezoea kazi hiyo, na familia yenye uwezo wa kulipia kiungo chenyewe. Afrika Mashariki hospitali za namna hiyo ni chache na ziko kwenye miji mikubwa.

Namna mambo haya yanavyokutana huonekana vizuri kwa mgonjwa mmoja wa mfano. Mama wa miaka 74, mjane, anatumia mkono wa kulia, ana shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa. Anajipikia, anajiogesha, anasuka ukili jioni. Alfajiri anateleza kwenye sakafu iliyolowa akienda chooni, anaangukia bega la kulia. Binti yake anamfikisha hospitali akiwa ameushikilia mkono kwa mkono mwingine.

“Shikamoo mama,” daktari anaanza, kisha kabla ya kugusa bega anaugusa mkono. Vidole vina joto, mapigo ya damu yapo kifundoni. Anapapasa ngozi ya upande wa nje wa mkono wa juu na kumuuliza kama anahisi sawa na upande wa pili, kwa sababu neva inayopita chini ya kichwa cha mfupa hulisha ngozi ya pale pamoja na ule msuli mkubwa wa bega. Kwa mama huyu ganzi ipo kidogo. Anaambiwa akaze msuli bila kuusogeza mkono, na daktari anauhisi ukikaza. Neva imevutwa, haijakatika, na nyingi za namna hiyo hurudi ndani ya miezi michache. Hilo linaandikwa kwenye faili siku hiyohiyo, maana bega la Grammont bila neva hiyo haliwezi kunyanyuka.

Eksirei ya mbele na ya pembeni zinaonyesha nyufa zinazotenga kichwa, vinundu na mhimili. Binti anashtuka. “Daktari, vipande vyote hivi, mnamfunga kitambaa tu?” Daktari anampitisha kwenye picha. Kichwa kimezama ndani ya mhimili na kuelekea nje kidogo, kimebanana. Kinundu kikubwa kimepanda milimita 4. Upande wa kwapa, kichwa kimebaki na ulimi wa milimita 11 na bawaba haijahama. Kiko ndani ya kikombe chake. Kwa kanuni ya Neer, hakuna sehemu iliyovuka mpaka. Mama anapewa slingi, dawa za maumivu, na miadi ya eksirei baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa hizo ndizo siku ambazo vipande vinaweza kuhama.

Picha za wiki ya kwanza na ya pili zinabaki vilevile, na mazoezi ya kuinama yanaanza. Wiki ya sita slingi inavuliwa. Mwezi wa tatu ananyanyua mkono hadi usawa wa bega, ganzi imekwisha. Baada ya mwaka anachana nywele na kusonga ugali, lakini sufuria za rafu ya juu anamwachia mjukuu.

Picha zikiwa tofauti, uamuzi nao unabadilika. Kama kichwa kingekuwa kimepasuka katikati, au kimetoka kwenye kikombe na kulala kwapani huku kimeachana na mhimili, slingi isingefaa, na kwa umri wake bega lililogeuzwa lingekuwa chaguo la kwanza. Kama mapigo ya damu yangekosekana na mkono ukawa wa baridi, au mfupa umetoboa ngozi, hiyo ni dharura ya saa chache. Na kama kichwa kingekaa vizuri siku ya kwanza kisha kikaporomoka wiki ya pili, bado muda upo. Upasuaji wa kupanga vipande hufanyika kwa urahisi ndani ya wiki mbili hivi, kabla mfupa haujaanza kuunga vibaya. Bega la bandia linaweza kuwekwa hata miezi kadhaa baadaye kwa mgonjwa ambaye slingi imemshinda, na matokeo yake hayako mbali sana na ya waliowekewa mapema. Kwa hiyo mzee dhaifu mwenye mvunjiko wa katikati anaweza kupewa slingi kwanza bila kufungiwa mlango wa upasuaji.

Kinachoharibu kazi ya slingi kwa haraka ni kuchuliwa. Wazee wengi hupelekwa kwa mtaalamu wa jadi akaukanda na kuuvuta mkono katika wiki za mwanzo, na vipande vilivyokuwa vimebanana vinaachana. Mvunjiko ambao ungeunga wenyewe unageuka kuwa wa kupasuliwa, na neva iliyovutwa kidogo inaumizwa tena. Kosa la upande wa pili ni kuuacha mkono kwenye slingi miezi miwili au mitatu kwa hofu. Mfupa unaunga, bega linakuwa gumu, na maumivu yanayobaki yanatokana na ukakamavu.

Jambo moja zaidi linasahaulika kwa sababu macho yote yako begani. Mtu aliyevunjika bega kwa kuteleza sakafuni ameonyesha kwamba mifupa yake yote imepungua uzito, na hatari ya kuvunjika nyonga inapanda, hasa katika mwaka wa kwanza. Nyonga huua wazee wengi kuliko bega. Kabla ya kuruhusiwa kwenye kliniki, mgonjwa apimwe uzito wa mifupa pale kipimo kinapopatikana, aangaliwe vitamini D na kalsiamu, na daktari aamue kuhusu dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati ya kila wiki au zoledronati ya mwaka mara moja, baada ya kupima figo. Apitie pia dawa za presha na za usingizi, kwani nyingine humfanya mzee apate kizunguzungu anaposimama usiku, na familia ikaushe sakafu ya bafu, iweke taa ya kwenda chooni na kifimbo cha kushikia ukutani.